Je, Wajua? Wakili Wako Anadaiwa Hesabu

Je, wajua kwamba nchini Kenya kampuni ya bima ikishindwa kesi ya ajali, mara nyingi hundi haiandikwi kwa jina la majeruhi? Fedha hupitia kwa wakili wake. Majeruhi husikia habari za malipo kutoka kwa mtu yuleyule anayepaswa kumkabidhi fedha hizo, na hapo ndipo ugomvi mwingi kati ya mteja na wakili huzaliwa. Safu ya leo inaufuata mkondo huo wa fedha kutoka kwa bima hadi mfukoni mwa aliyevunjika mguu, na inaonyesha pa kwenda pale zinapokwama njiani.

Tuchukue mfano. Ni wa kubuni, lakini atakayeusoma mahali kama Kongowea au Gikomba hatauona mgeni. Mama mmoja muuza mboga aligongwa na matatu, akashtaki, akashinda. Mahakama ya hakimu ilimpa fidia ya Sh800,000 kwa maumivu na ulemavu, Sh46,000 alizotumia hospitalini na kuzithibitisha kwa risiti, riba iliyofika Sh24,000, na gharama za kesi Sh140,000. Bima ilituma jumla ya Sh1,010,000 kwa wakili. Wakili alimwita mama ofisini, akampa hundi ya Sh560,000, akamwambia, "Hiyo ni asilimia sabini yako, mama. Thelathini ni ya ofisi, ndiyo desturi." Mama alishukuru akaondoka. Mshike mama huyu, maana tutamrudia.

Je, wajua kwamba "desturi" hiyo ya thelathini kwa sabini haina mguu wa kusimamia katika sheria? Sheria ya Mawakili, Sura ya 16 ya Sheria za Kenya, kifungu cha 46, inabatilisha makubaliano ambayo wakili analipwa tu kesi ikishinda, au analipwa kiwango kimoja ikishinda na kingine ikishindwa. Kifungu hichohicho kinamzuia wakili kununua haki ya mteja katika kesi, na kinabatilisha makubaliano yanayomwondolea wakili lawama ya uzembe wa kazi yake. Basi ukiona karatasi yenye maneno "mteja hatamdai wakili kwa kosa lolote," maneno hayo hayana nguvu hata kama umeyatilia sahihi.

Najua kwamba maskini wengi hawana cha kumlipa wakili mwanzoni, na kwamba ahadi ya "usinilipe mpaka tushinde" huwafungulia mlango wa mahakama. Hoja hiyo ni ya kweli, na ipo haja ya Bunge kuijadili. Lakini sheria ilivyo leo haiwaruhusu wawili hao kugawana tuzo kama faida ya biashara. Wakili anaweza kusubiri malipo hadi kesi iishe. Kusubiri kulipwa ada iliyojulikana na kuchukua fungu la ushindi ni mambo mawili mbalimbali.

Je, wajua ada yenyewe hutoka wapi? Ipo Amri ya Malipo ya Mawakili, ambayo hupanga viwango kulingana na aina ya kazi na thamani ya shauri, na iliyofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2014. Wakili haruhusiwi kutoza chini ya viwango hivyo, kwa hiyo anayekuvutia kwa bei ya kutupa anaanza kazi yako kwa kuvunja sheria. Juu ya kiwango mnaweza kukubaliana. Ndiyo sababu mkataba wa ada upo.

Je, wajua kwamba mkataba wa ada ambao haukuandikwa na wewe hukuutia sahihi haumfai wakili kitu? Kifungu cha 45 kinasema makubaliano ya ada hufunga pale tu yanapokuwa ya maandishi na yametiwa sahihi na mteja au mwakilishi wake. Yanaweza kuandikwa kabla ya kazi, katikati au baada ya kazi. Wakili aliyesema "tulikubaliana kwa mdomo" inambidi aandae ankara ya gharama, ikadiriwe na afisa wa mahakama kwa kufuata viwango, kifungu kwa kifungu.

Upande wa pili wa jambo hili wateja wengi hawaambiwi. Ukishatia sahihi mkataba halali, gharama zile hazikadiriwi tena na afisa wa mahakama. Umeiacha njia hiyo mlangoni. Linalobaki ni kuiomba mahakama iutengue au iupunguze mkataba kwa sababu ni wa kikatili, umepita kiasi au hauna uadilifu. Na muda unahesabiwa: ni mwaka mmoja tangu mkataba ufanywe, au miezi 3 tangu wakili akudai kwa maandishi malipo ya mkataba huo, kutegemea lipi linalokuja baadaye. Kwa hiyo barua ya madai ya ada usiitie mtotoni mwa kabati ukasahau. Andika juu yake tarehe uliyoipokea.

Je, mkataba mzuri unasema nini? Kwanza unasema kazi ni ipi na inaishia wapi. "Kesi ya ajali" haitoshi. Je, ada inafika hukumuni tu, au inahusu pia kukamata mali ya mdaiwa akikataa kulipa? Rufaa je? Mteja huamini amelipia safari nzima, kumbe wakili amehesabu mpaka kituo cha kwanza. Pili unataja ada kwa tarakimu na kwa maneno, na kusema kama kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 16, imo ndani au inaongezwa juu. Kwa ada ya Sh180,000 tofauti hiyo peke yake ni Sh28,800.

Tatu, unatenganisha ada na matumizi. Ada ni jasho la wakili. Matumizi ni fedha anazotoa kwa niaba yako: kufungua kesi, ripoti ya daktari, nakala ya taarifa ya polisi, upekuzi wa umiliki wa gari, kumlipa anayepeleka hati kwa mshtakiwa. Haya huwa na risiti, na risiti ni zako kuziona. Ukimpa wakili Sh10,000 za kuanzia, mkataba useme kama ni sehemu ya ada au ni za matumizi, la sivyo zitahesabiwa mara mbili bila mtu yeyote kusema uongo waziwazi.

Na nne, jambo ambalo ningependa kila mteja alishike hata akisahau mengine yote: gharama za kesi ambazo aliyeshindwa anaamriwa kulipa ni za nani? Mahakama inapomwamuru aliyeshindwa alipe gharama, inampa mshindi wa kesi, yaani wewe, kukupunguzia mzigo wa kumlipa wakili wako. Zinaitwa gharama kati ya pande mbili. Gharama kati ya wakili na mteja wake ni hesabu nyingine, na kwa kawaida ya viwango ni kubwa kuliko hizo za kwanza kwa nusu yake. Ofisi nyingi hujichukulia gharama kutoka kwa bima kimyakimya, halafu zikatoza ada nyingine juu ya fidia. Kama mnakubaliana kwamba gharama hizo zitamwendea wakili, sawa, lakini iandikwe, na iandikwe kwamba zinapunguza ada unayodaiwa.

Turudi kwa mama wa sokoni. Kumbe alikuwa na karatasi. Siku ya kwanza alitia sahihi mkataba wa ada ya Sh180,000 pamoja na kodi juu yake, matumizi kwa risiti, na gharama zitakazolipwa na bima zihesabiwe kuwa zake. Mwanawe aliikuta kwenye mfuko wa plastiki pamoja na risiti za hospitali. Walikaa mezani na kalamu.

Iliyoingia: Sh800,000, Sh46,000, Sh24,000 na Sh140,000, jumla Sh1,010,000. Ya kutoka kihalali: ada Sh180,000, na kodi yake Sh28,800. Matumizi yote yalikuwa Sh19,200, lakini mama alikuwa ametanguliza Sh10,000 za matumizi, kwa hiyo zilizobaki kukatwa ni Sh9,200. Jumla ya kukatwa ni Sh218,000. Alizostahili kupewa ni Sh792,000. Alipewa Sh560,000. Pengo ni Sh232,000.

Tazama pengo lilivyofichwa. Asilimia 30 ilipigwa kwenye zile Sh800,000 peke yake, ikazaa Sh240,000. Zile Sh210,000 nyingine, yaani fedha za hospitali, riba na gharama, hazikutajwa kabisa. Mama hakujua kwamba zipo, kwa sababu aliambiwa fidia, hakuambiwa malipo. Mtu akikutajia asilimia bila kukutajia jumla iliyoingia, hajakupa hesabu.

Je, wajua jinsi ya kuijua jumla bila kumuuliza wakili? Jalada la kesi limo katika masjala ya mahakama, na hukumu na amri yake vinataja kila fungu. Kesi ikimalizwa nje ya mahakama, kampuni ya bima hutaka hati ya kukubali malipo yenye kiasi kamili, na ni wewe unayeitia sahihi. Usiitie sahihi ikiwa na nafasi tupu pa kiasi, na ondoka na nakala. Unaweza pia kuiandikia bima ukiitajia nambari ya madai yako na kuuliza ililipa kiasi gani, lini, na kwa nani. Jibu lenye tarehe ya malipo lina thamani kubwa: wakili aliyekuwa anakuambia "bado hawajalipa" miezi minne baada ya tarehe hiyo ameshajieleza.

Je, wajua kwamba wakili haruhusiwi kuchanganya fedha zako na zake? Kanuni za hesabu za mawakili zinamtaka aweke fedha za wateja katika akaunti ya wateja, benki, mbali na akaunti ya ofisi. Kutoa ada yake humo hakuruhusiwi mpaka akupe ankara au taarifa ya maandishi ya kiasi, na akujulishe kwamba anakikata katika fedha anazokushikia. Kujikatia kwanza na kueleza baadaye ni kugeuza utaratibu juu chini. Dalili ni nyepesi kuziona: hundi inayotoka akaunti binafsi badala ya akaunti ya wateja, malipo ya mafungu kwa simu ya mkononi bila barua, au hundi ya tarehe ya mbele kwa fedha ambazo bima ilishalipa.

Je, wajua namna ya kudai hesabu? Andika barua fupi. Taja nambari ya kesi, na uombe mambo manne: kiasi kilichopokelewa na tarehe zake, kila kilichokatwa na risiti yake, kiasi kilichobaki na kiko akaunti gani, na lini utalipwa. Toa muda, siku 14 zinatosha. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, au uitume kwa rejista ya posta. Usitukane, usitishie. Barua hii itasomwa baadaye na watu wasiokujua, na itakuwa shahidi wako wa kwanza.

Wakili akinyamaza, zipo njia tatu, na watu huzichanganya.

Njia ya kwanza ni Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, iliyoundwa chini ya kifungu cha 53 cha sheria hiyohiyo na iliyo chini ya Ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Haitozi malipo, na huhitaji wakili mwingine ili uifikie. Inapokea malalamiko dhidi ya wakili, kampuni ya mawakili au mfanyakazi wake. Lalamiko lisilo na msingi hukataliwa. Lenye msingi lakini lisilofikia kosa la nidhamu, kama vile kutojibu barua au kuchelewesha hesabu, Tume humwandikia wakili ajibu na mara nyingi hujaribu kuwapatanisha. Lenye sura ya kosa la nidhamu hupelekwa kwa Jopo la Nidhamu. Peleka nakala, asili zibaki nyumbani, na panga maelezo kwa tarehe. Lalamiko la kurasa 2 lenye tarehe na tarakimu hushinda la kurasa 20 lenye uchungu.

Njia ya pili ni Jopo la Nidhamu lenyewe. Mtu yeyote anaweza kulifikia moja kwa moja kwa hati ya kiapo na ada iliyowekwa, bila kupitia Tume. Humo mna mawakili wenye uzoefu na pia watu wasio mawakili. Likimkuta wakili na kosa, linaweza kumwonya, kumtoza faini isiyozidi Sh1,000,000, kumsimamisha kazi kwa muda usiozidi miaka 5, au kumfuta kabisa katika daftari la mawakili. Na linaweza kuamuru mteja afidiwe hadi Sh5,000,000. Pengo la mama yetu linatosha ndani ya mpaka huo mara nyingi. Aliyenyimwa bei ya ploti ya Sh12,000,000 hatatosheka hapo.

Huyo wa ploti, na yeyote anayetaka hasa hesabu na fedha kuliko adhabu, anayo njia ya tatu: Mahakama Kuu, chini ya Agizo la 52, kanuni ya 4, la Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za 2010. Mteja, au msimamizi wa mirathi yake ikiwa amefariki, anaweza kuomba wakili aamriwe kutoa hesabu ya fedha, kutoa orodha ya fedha na dhamana anazozishika, kuzilipa au kuziweka mahakamani, na kurudisha hati za mteja. Wakili akisema naye anadai ada, mahakama inaweza kuamuru ada hiyo ikadiriwe, na haki yake ilindwe. Hapo ndipo uadilifu wa kanuni hii ulipo: haimnyang'anyi wakili jasho lake, inamlazimisha alitaje kwa tarakimu.

Kuna pia kifungu cha 80, ambacho wengi hawakijui. Wakili aliyekabidhiwa fedha au mali kwa kazi yake, akakosa kuzitumia au kuzikabidhi ilivyopasa baada ya shughuli kukamilika, ametenda kosa la jinai. Hilo ni la polisi na mwendesha mashtaka.

Je, wajua ambayo Tume na Jopo havitakusaidia? Kushindwa kesi si kosa la nidhamu. Hakimu akikosea, dawa ni rufaa. Wakili kushikilia majalada yako kwa sababu hujamlipa ada halali si wizi pia, maana sheria inamtambulia haki ya kushikilia mpaka alipwe, na mahakama ndiyo inayopima mipaka yake. Wala usikimbilie kubadilisha wakili baada ya hukumu ukidhani ni barua tu: hapo unahitaji idhini ya mahakama, au makubaliano ya maandishi kati ya wakili wa zamani na mpya.

Je, wajua kwamba yule dalali aliyekukuta wodini na fomu mkononi hapaswi kukugharimu hata shilingi? Sheria inamkataza wakili kutafutiwa kesi na madalali na kugawana ada yake na mtu asiye wakili. Makato yanayoitwa "ya kijana aliyekuleta" hayana nafasi katika hesabu yako. Na kabla ya yote, hakikisha kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili Kenya kwamba jina ulilopewa ni la wakili mwenye cheti cha mwaka huu. Tapeli asiye wakili hafutwi katika daftari asilomo, na huyo unampeleka polisi.

Kwa wasomaji wa Tanzania Bara: sheria yenu ni nyingine, Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, na malalamiko ya nidhamu huenda kwa Kamati ya Mawakili. Vifungu na viwango nilivyovitaja hapa ni vya Kenya, msivibebe kuvuka mpaka.

Na mama wa sokoni? Sahihi yake ya kupokea Sh560,000 haifuti haki yake ya kuuliza zile nyingine zilikwenda wapi. Barua yake ya siku 14 ni ya ukurasa mmoja, na nyuma yake kuna mkataba, nakala ya hukumu na jibu la bima. Kama nawe uliwahi kulipwa kwa asilimia bila kuonyeshwa jumla, nenda masjala ukalifungue jalada lako, kisha uandike yako.